Rezista mbili, kapasita moja: kuijua kasi ya indiketa kabla ya kuunganisha waya

Ndugu mafundi, walimu, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari yenu, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie chipu ya 555, nami nimeamua kushika jambo moja tu. Ukiwa na rezista mbili na kapasita moja mkononi, utajuaje, kabla hujaunganisha waya hata mmoja, kwamba saketi yako itawaka na kuzima mara ngapi kwa dakika, na kwamba katika kila mzunguko itakaa imewaka kwa muda gani na imezima kwa muda gani? Mfano tutakaokwenda nao mwanzo hadi mwisho ni indiketa ya pikipiki.

Nimechagua indiketa kwa sababu tatizo lake tunaletewa mara kwa mara. Mwenye bodaboda anatoa balbu za zamani, anaweka taa za LED ili betri isichoke, halafu anarudi: "Fundi, indiketa inakwenda mbio," au, "Fundi, inawaka moja kwa moja, haipepesi." Kosa si la LED. Flasha ya zamani ilitengenezwa itegemee mkondo mkubwa unaovutwa na balbu. LED inavuta mkondo kidogo mno, kwa hiyo flasha ama inashindwa kufanya kazi, ama inafanya kama vile balbu moja imeungua. Dawa ni flasha isiyojali taa inavuta nini, yenye saa yake yenyewe. Saa hiyo ndiyo 555.

Kasi tunayoitafuta inajulikana. Kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za vyombo vya moto zinataka indiketa ipepese mara 90 kwa dakika, na zinaruhusu ipungue au izidi kwa 30. Maana yake ni kati ya 60 na 120. Shikeni namba hizo mbili, tutazihitaji tutakapofika kwenye kuchagua rezista.

Chipu yenyewe ilibuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, Mswisi aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Signetics ya Marekani, ikaingia sokoni mwaka 1972. Ndani yake kuna mambo mengi, lakini kwa kazi ya leo tunahitaji matatu. La kwanza ni rezista tatu zinazolingana, kila moja ya kilo-omu 5, zimepangwa mfululizo kutoka kwenye chanya hadi kwenye hasi. Kwa kuwa zinalingana, zinaigawa volti ya betri mafungu matatu sawa. La pili ni vilinganishi viwili: kimoja kinatazama kama pini ya 6 imefika theluthi mbili ya volti ya betri, na kingine kinatazama kama pini ya 2 imeshuka hadi theluthi moja. La tatu ni transista iliyo nyuma ya pini ya 7, ambayo ikifunguka huivuta pini hiyo hadi hasi.

Uunganishaji ni huu. Rezista ya kwanza, ambayo tutaiita RA, inatoka pini ya 8, kwenye chanya, hadi pini ya 7. Ya pili, RB, inatoka pini ya 7 hadi pini ya 6. Pini ya 6 na ya 2 zinaunganishwa pamoja, na kutoka hapo kapasita inashuka hadi hasi, yaani pini ya 1. Pini ya 4 ifungeni kwenye chanya ili isiizimishe chipu bila kutarajia. Pini ya 5 wekeeni kapasita ya nanofaradi 10 kwenda hasi. Pini ya 3 ndiyo inayotoa amri ya kuwasha na kuzima.

Sasa fuateni mkondo. Transista ya pini ya 7 ikiwa imefungwa, kapasita inajaa kupitia RA na RB zote mbili, na pini ya 3 iko juu. Volti ya kapasita ikigusa theluthi mbili, kilinganishi cha juu kinageuza hali: pini ya 3 inashuka, transista inafunguka, na kapasita inaanza kutoa chaji yake kupitia RB peke yake hadi pini ya 7. Ikigusa theluthi moja, kilinganishi cha chini kinageuza tena, na kujaa kunaanza upya. Hivyo ndivyo inavyozunguka. Angalieni hilo la RB peke yake, kwa sababu ndilo linaloamua uwiano wa kuwaka na kuzima, nasi tutalirudia.

Nataka nikae kidogo kwenye namba moja, kwa sababu nimewaona wanafunzi wakiikariri bila kujua ilikotoka. Ni 0.693. Iko katika kila kitabu kinachoeleza saketi hii.

Chukueni betri ya volti 12. Theluthi moja ni volti 4, theluthi mbili ni volti 8. Kapasita inapoanza kujaa iko kwenye 4, na inajaribu kufika 12, kwa hiyo pengo lililobaki ni volti 8. Inaposimamishwa iko kwenye 8, na pengo lililobaki ni volti 4. Pengo limekatika nusu. Sasa tazameni upande wa kutoa chaji. Inaanza kwenye 8 ikielekea sifuri, inasimamishwa kwenye 4. Hapa pia imekatika nusu. Kapasita inayojaa au kumwaga kupitia rezista huchukua muda uleule kukata pengo lake nusu, pengo liwe kubwa au dogo, na muda huo ni ukinzani mara uwezo wa kapasita, mara 0.693. Hiyo ni logi asilia ya 2, na imekuja hapa kwa sababu ya hiyo nusu.

Sasa badilisheni betri. Pikipiki ikiwa inanguruma, chaja inaipandisha hadi karibu volti 14. Theluthi moja inakuwa 4.67, theluthi mbili 9.33. Pengo la kwanza ni 9.33, la mwisho ni 4.67. Ni nusu ileile. Volti imepanda, mipaka imepanda nayo, na muda haujasogea. Kwangu mimi huu ndio uzuri mkubwa wa ubunifu wa Camenzind: volti ya betri inajifuta yenyewe kwenye hesabu. Indiketa inapepesa kwa kasi ileile injini ikiwa imezimwa na ikiwa inakimbia, na hujaweka kifaa chochote cha kutuliza volti kwa ajili ya saa.

Kutokana na hayo, fomula zinajiandika. Muda wa kuwaka unapitia rezista zote mbili, muda wa kuzima unapitia RB tu, na mzunguko mzima ni jumla yake:

```
T_juu  = 0.693 * (RA + RB) * C
T_chini = 0.693 * RB * C
f = 1.44 / ((RA + 2*RB) * C)
D = (RA + RB) / (RA + 2*RB)
```

Herufi f ni masafa, yaani mizunguko kwa sekunde. D ni uwiano wa kuwaka, yaani sehemu ya mzunguko ambayo pini ya 3 iko juu. Namba 1.44 ni 1 ukigawanya kwa 0.693, basi. Na kwa mnaofanya hesabu mezani bila kikokotoo kizuri: kilo-omu mara mikrofaradi zinakupa milisekunde moja kwa moja. Huna haja ya kuandika sifuri nyingi na kuzipoteza njiani.

Twende kwenye pikipiki. Mara 90 kwa dakika ni mara 1.5 kwa sekunde. Anzeni na kapasita, si rezista, kwa sababu kapasita zinapatikana kwa saizi chache na rezista ziko za kila namna. Nachukua mikrofaradi 10. Nagawanya 1.44 kwa 1.5 na kwa mikrofaradi 10, napata kilo-omu 96. Hiyo ndiyo jumla ya RA na RB mbili. RA naiweka kilo-omu 10, zinabaki 86, na nusu yake ni 43. RB inatakiwa iwe kilo-omu 43.

Dukani mara nyingi utapewa 39 au 47. Wengi watasema 39 au 47 ni hali moja, maana zote ziko karibu na 43. Tuzipime. Kwa 39, jumla ni 88. Mara 10 mara 0.693 ni milisekunde 610, sawa na mara 98 kwa dakika. Kwa 47, jumla ni 104. Mzunguko ni milisekunde 721, sawa na mara 83 kwa dakika. Zote mbili ziko ndani ya 60 na 120. Lakini kapasita ya elektroliti iliyoandikwa 10 kwa kawaida ina ruhusa ya kupungua au kuzidi kwa asilimia 20. Ikiwa kweli ni mikrofaradi 8, ile ya 39 inakupeleka mzunguko wa milisekunde 488, ambao ni mara 123 kwa dakika. Umetoka nje ya kanuni bila kukosea hesabu hata moja. Ile ya 47, kwa kapasita hiyohiyo ya 8, inakwenda mara 104, na kwa kapasita ya 12 inakwenda mara 69. Hata ukiongeza kosa la asilimia 5 la rezista, bado uko ndani. Kwa hiyo nachagua 47, ingawa ya 39 haikuwa mbali zaidi na 43.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoandika jibu la masafa kwa desimali nne. Fomula inakupa namba safi, kapasita inakupa namba yake. Hesabu ya saketi hii haijaisha mpaka umeipitisha kapasita kwenye ncha zake mbili, ile ya 8 na ile ya 12. Ukihitaji usahihi zaidi, tumia kapasita ya filamu, au weka rezista ya kurekebisha mfululizo na RB.

Sasa uwiano wa kuwaka. RA ni 10 na RB ni 47, kwa hiyo kuwaka ni 57 mara 10 mara 0.693, milisekunde 395, na kuzima ni milisekunde 326. Gawanyeni 57 kwa 104, mnapata takriban asilimia 55. Kwa indiketa inatosha kabisa, jicho halitaona tofauti na nusu kwa nusu.

Lakini kuna anayeuliza: nikitaka nusu kamili je? Tazameni fomula ya D. Juu kuna RA na RB moja, chini kuna RA na RB mbili. RA ikiwa kubwa kuliko sifuri, hata kidogo, jibu linazidi nusu. Haliwezi kushuka hadi asilimia 50 kwa muundo huu, wala chini yake. Na sababu ni ile niliyowaambia muiangalie: kujaa kunapita njia ndefu, kumwaga kunapita njia fupi. Kuna anayeamua kuipunguza RA hadi karibu na sifuri ili asogelee nusu. Msifanye hivyo. Pini ya 7 inapovutwa hadi hasi, RA inakuwa imefungwa moja kwa moja kati ya betri na hasi. Kwa omu 100 kwenye volti 14, hiyo ni miliampea 140 zinazopita kwenye transista ndogo iliyo ndani ya chipu, kila unapofika muda wa kuzima. Chipu itapata moto na huenda ikafa. RA isishuke chini ya kilo-omu 1. Kwa kilo-omu 10 tulizochagua, mkondo huo ni miliampea 1.4 tu.

Njia inayojulikana ni kuweka dayodi sambamba na RB, anodi yake kwenye pini ya 7 na kathodi kwenye pini ya 6. Hapo kujaa kunairuka RB na kupita kwenye RA na dayodi, kumwaga kunabaki kwenye RB. Muda wa kuwaka sasa unashikwa na RA peke yake, na unaweza kupata asilimia 50, au 20, au 10. Watu wengi wanaandika tu kwamba muda wa kuwaka ni 0.693 mara RA mara C, na wanaishia hapo. Si kweli, na kwa fundi tofauti yake ni kubwa.

Dayodi inakula karibu volti 0.6. Kwa hiyo kapasita haielekei tena kwenye volti ya betri, inaelekea 0.6 chini yake, na ile nusu nzuri inavunjika. Kwenye volti 12, pengo linaanza na 7.4 na kuishia 3.4, na kizidishi kinakuwa 0.78 badala ya 0.693. Kwenye volti 5, kinakuwa 0.94, zaidi ya theluthi juu ya ulichotegemea. Na kibaya zaidi ni kwamba volti 0.6 haibadiliki pamoja na betri, wakati mipaka inabadilika. Volti ya betri iliyokuwa imejifuta kwenye hesabu imerudi. Kwa saketi ya volti 5 ambayo umeme wake hautulii, masafa yako yatayumba pamoja nao. Kwenye pikipiki, kati ya volti 12 na 14, tofauti ni ndogo, lakini kwa indiketa sioni sababu ya kuiweka kabisa. Dayodi itumike pale ambapo uwiano wenyewe ndio kazi.

Kuna jaribio ninalowaomba vijana mlifanye kabla ya kugusa pikipiki ya mtu. Toeni kapasita ya mikrofaradi 10, wekeni ya 470, msibadili kingine. Mzunguko utakuwa karibu sekunde 34: kuwaka kama sekunde 18 na nusu, kuzima kama 15. Wekeni mita kwenye pini ya 6. Kwenye volti 12 mtaona namba ikipanda kutoka 4, haraka mwanzoni, kisha ikipunguza mwendo, hadi 8. Hapohapo taa inazima na namba inaanza kushuka hadi 4. Mtaiona ile nusu kwa macho. Mtaona pia jambo lingine: mara ya kwanza mnapowasha, kapasita inaanza sifuri badala ya 4, kwa hiyo mwako wa kwanza unachelewa kuzima kuliko mingine. Kizidishi chake ni 1.1 badala ya 0.693. Kwa indiketa yetu, mwako wa kwanza ni milisekunde 626, kisha inaingia kwenye 395. Mteja akilalamika kwamba mwako wa kwanza ni mrefu, saketi ni nzima.

Mita hiyohiyo kwenye pini ya 6 ndiyo itakayowaonyesha ugonjwa. Taa ikiwaka isizime, na pini ya 6 imekwama chini ya theluthi mbili, kapasita inavujisha: mkondo unaoingia kupitia rezista unaishia kuvuja ndani yake, na haipandi tena. Kwa rezista zetu za makumi ya kilo-omu hilo ni nadra, isipokuwa kapasita imezeeka au imewekwa kinyume. Lakini mtu akitaka muda mrefu kwa kuweka rezista za megaomu nyingi na kapasita kubwa ya elektroliti, atakutana nalo. Na mjue pia kwamba mita yenyewe ina ukinzani wake, kawaida megaomu 10 kwa mita ya namba; kwenye saketi ya megaomu, kuipima tu kunaibadilisha. Taa ikiwa imezima moja kwa moja, anzeni na pini ya 4 kabla ya kuilaumu chipu. Na kama kapasita inapanda na kushuka vizuri lakini kasi haiendani na hesabu, toeni kapasita mwipime. Rezista husema kweli mara nyingi zaidi.

Mwisho, upande wa pikipiki. Pini ya 3 inaweza kutoa hadi miliampea 200, kwa hiyo ipeni rilei ndogo ya volti 12, ambayo koili yake huvuta miliampea 30 hadi 40, na iacheni rilei iwashe taa. Wekeni dayodi sambamba na koili, kathodi upande wa pini ya 3, la sivyo teke la koili linapozimwa linaweza kuivuruga chipu ikagoma. Chipu ya NE555 inavumilia hadi volti 16, na mfumo wa kuwasha injini unaweza kurusha miruko inayozidi hapo, kwa hiyo kwenye njia ya chanya wekeni rezista ya omu 10 mfululizo, zena ya volti 15 kwenda hasi, na kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini ya 8 na ya 1. Kisha washeni injini, hesabuni miwako kwa dakika nzima mkiwa na saa mkononi, zimeni injini, hesabuni tena. Hesabu hizo mbili zinatakiwa zilingane, na ziwe kati ya 60 na 120.